Percivall Pott na mfupa wa nje wa kifundo

Safari hii nawaletea marehemu mmoja wa London ambaye sisi tunaosomea eksirei huku Uingereza hatumkwepi: Percivall Pott, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, aliyezaliwa 1714.

Mwaka 1756 alianguka kutoka kwenye farasi, mguu ukavunjika na mfupa ukatokeza nje. Hakukubali kunyanyuliwa ovyo. Alinunua mlango palepale barabarani, ukapigiliwa miti, akabebwa juu yake hadi kwake. Wapasuaji wenzake walishajiandaa kuukata mguu, mara akaingia mwalimu wake wa zamani, Edward Nourse, akaona unaweza kuokolewa. Na ukapona kweli.

Lakini mvunjiko unaoitwa kwa jina lake siyo huo. Ule aliueleza kitabuni mwaka 1768: fibula, yaani mfupa mwembamba wa nje, imevunjika inchi 2 au 3 juu ya kifundo, kano za upande wa ndani zimechanika, na wayo umehamia nje. Jamani, eksirei ilikuja 1895! Yeye alikuwa na macho na vidole tu, lakini alishajua kwamba kifundo kinashikwa pande mbili.

Pott alifariki 1788. Siku hizi tunatumia herufi za Danis na Weber. Fibula ikivunjika chini ya usawa wa kiungo ni A, na mara nyingi kiungo kimetulia. Ikivunjika juu ya kano zinazofunga fibula na muundi ni C, na hapo kiungo huwa kimelegea mara nyingi. Ikivunjika kwenye usawa huo ni B, na hapa ndipo kazi ilipo, maana herufi inataja kimo cha ufa tu. Habari za upande wa ndani haisemi.

Chukua kijana aliyeteguka uwanjani, fibula ina ufa wa B. Picha ya kwanza amepigwa akiwa amelala, mguu umezungushwa ndani kama digrii 15. Nafasi kati ya talusi na mfupa wa ndani ni milimita 3, sawa na nafasi iliyo juu ya talusi. Unaweza kusema mambo safi. Lakini alikuwa amelala, hakuna uzito uliojaribu kile kiungo. Kumbonyeza kwa ndani nako hakutoshi: anaweza kuumia sana na kano bado zinashika.

Basi asimame kwa uzito anaoweza kuvumilia, apigwe tena. Nafasi ya ndani ikibaki 3, wengi hutibiwa kwa buti maalumu na kurudia picha baada ya wiki moja hivi. Ikifika 6 huku ya juu imebaki 3, talusi imehama. Kikomo kinachotumika sana ni milimita 4. Hapo mpasuaji aitwe, kwani talusi ikiachwa pembeni italika gegedu.

Na ukiona nafasi ya ndani imepanuka lakini fibula haina ufa, usimruhusu mgonjwa aende. Papasa mpaka chini ya goti, kisha piga picha ya mguu mzima. Ufa unaweza kuwa juu kabisa, nje ya picha yako.