Thimonnier: Fundi aliyeunda cherehani, mafundi wenzake wakaivunja

NI nani hasa aliyevumbua cherehani? Swali hili huulizwa mara kwa mara, na wengi hujibu haraka kwa kulitaja jina la Singer kwa kuwa ndilo lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye mashine iliyokuwa barazani pa duka la mtaani kwao. Lakini Isaac Singer alipoanza shughuli hiyo mwaka wa 1851 huko Marekani, fundi mmoja wa Ufaransa alikuwa tayari ameunda cherehani, ameitumia kushonea jeshi sare, amevunjiwa kiwanda na kurejea kwao mikono mitupu. Fundi huyo ni Barthélemy Thimonnier.

Thimonnier alizaliwa mwaka wa 1793 katika mji mdogo wa L'Arbresle, karibu na Lyon. Babake alikuwa mtia rangi vitambaa. Kijana huyo alisoma kwa muda katika seminari mjini Lyon, lakini masomo hayakufika mbali, akajifunza ushonaji na kufungua karakana yake huko Amplepuis. Hakuwa mhandisi wala hakujua lolote kuhusu vyuma. Alichokijua ni uchovu wa kukaa kutwa nzima akipitisha sindano kwenye nguo, mshono mmoja baada ya mwingine.

Alipata wapi wazo lake?

Katika milima ile ya Lyon, wanawake wengi walikuwa wakitarizi vitambaa majumbani kwa ujira mdogo. Hawakutumia sindano ya kawaida. Walitumia kisindano chenye kulabu nchani, mfano wa ndoana ndogo, ambacho walikichoma juu ya kitambaa kilichowambwa, wakaunasa uzi uliokuwa chini na kuuvuta juu ukiwa kitanzi. Walipochoma mara ya pili, kitanzi kipya kilipita ndani ya kile cha kwanza, na hivyo ukafanyika mnyororo.

Baadhi ya wavumbuzi waliomtangulia walikuwa wamejaribu kutengeneza mashine ya kuiga mkono wa fundi, yaani kupitisha sindano yote upande mmoja wa kitambaa na kuitoa upande wa pili. Hapo ndipo walipokwama, kwa sababu mashine haiwezi kuiachilia sindano na kuishika tena kwa wepesi kama vidole. Thimonnier alitambua kwamba kisindano cha watarizi hakiachiliwi hata kidogo. Kinashuka na kupanda pale pale, na kazi ya namna hiyo mashine inaiweza.

Alipohamia Saint-Étienne, alijifungia chumbani miaka kadhaa akichonga na kufunga vipande vya mti. Wateja walipungua, madeni yakaongezeka, na majirani wakaanza kumwona kama mtu aliyerukwa na akili. Kufikia mwaka wa 1829 chombo kilikuwa tayari.

Cherehani hiyo ya mti ilifanyaje kazi? Fundi alikalia kiti mbele ya meza, kitambaa kikiwa juu na uzi ukiwa chini ya meza. Alipokanyaga kanyagio, kamba iliuvuta chini mkono wa mti ulioshika sindano, nayo ikatoboa kitambaa. Kifaa kidogo chini ya meza kikauzungusha uzi kwenye kulabu. Fundi alipoinua mguu, springi iliurudisha mkono juu pamoja na kitanzi cha uzi. Kisha fundi alikisogeza kitambaa kidogo kwa mkono wake na kukanyaga tena.

Mshono huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Kila kitanzi kilishikiliwa na kile kilichokifuata, na hakuna uzi wa pili wa kuvifunga. Uzi ukikatika mahali pamoja na kuvutwa upande unaofaa, mshono wote hufumuka. Aliyewahi kufungua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa kuvuta uzi mmoja tu hadi mdomo wote ukaachama ameuona mshono wa Thimonnier kwa macho yake. Kwenye mfuko jambo hilo ni faida. Kwenye suruali ya askari aliye vitani ni aibu.

Hata hivyo, kasi yake iliwavutia wenye macho. Auguste Ferrand, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha migodi cha Saint-Étienne, alitoa fedha na kusaidia kuchora michoro. Hataza ilitolewa kwa majina yao wawili Julai 17, 1830. Siku kumi baadaye mapinduzi yalizuka Paris, na kabla ya mwezi huo kwisha Mfalme Charles X alikuwa ameshindwa. Huenda wawili hao hawakujua ni kwa kiasi gani msukosuko huo ungewagusa.

Kwa nini mafundi waliiogopa?

Matajiri walitia mtaji, na karakana ikafunguliwa katika barabara ya Sèvres, Paris. Humo ziliwekwa cherehani 80 zilizotengenezwa kwa mti, na kazi yake ilikuwa kushona sare za jeshi. Thimonnier aliajiriwa kusimamia ufundi. Mtu aliyekuwa akifuatwa na wadeni sasa alikuwa na mashine 80 zilizotokana na wazo lake.

Tuitazame karakana hiyo kwa macho ya fundi wa kawaida wa Paris wakati huo. Alilipwa kwa kila nguo aliyoimaliza. Baada ya mapinduzi, matajiri walibana matumizi na maagizo ya suti yakapungua, hivyo mafundi wengi walikaa bila kazi. Kazi ya sare ilikuwa tegemeo lao, kwa maana askari hawakomi kuvaa. Sasa kazi hiyo hiyo ilikuwa imepelekwa chini ya paa moja, na kufanywa na watu waliokanyaga kanyagio.

Aidha, walijua hesabu ya nguo. Kukata kitambaa na kumpima mteja huhitaji ustadi, lakini huchukua muda mfupi. Saa nyingi humalizikia kwenye mishono mirefu iliyonyooka: ubavuni, mikononi, miguuni. Mishono hiyo ndiyo iliyomlisha fundi aliyelipwa kwa kipande, na ndiyo mashine iliyoiweza. Takwimu zilizochapishwa Marekani katika miaka ya 1860 zilionyesha kwamba shati la mwanamume lililochukua zaidi ya saa 14 kwa mkono lilimalizika kwa cherehani kwa takriban saa moja na robo. Mashine ya Thimonnier haikufikia kiwango hicho, lakini mafundi hawakuhitaji takwimu ili kuona mambo yalikoelekea.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo huachwa katika masimulizi mengi yanayowachora mafundi hao kama wajinga waliochukia maendeleo. Fundi wa mkono alikuwa na mkasi wake, sindano yake na meza yake. Mashine zile zilimilikiwa na wenye mtaji. Fundi aliyetaka kuitumia hakuwa na njia ya kuinunua. Alilazimika kuingia ndani kama kibarua, tena kwa ujira aliopangiwa.

Ndipo mnamo Januari 1831 umati wa mafundi, unaokadiriwa kuwa na watu 200, ulipoivamia karakana hiyo. Walizivunja mashine na kutupa vipande nje. Thimonnier alinusurika kwa kukimbia. Wako waandishi, hasa wa Kiingereza, wanaosema kisa hicho kilitokea 1841, lakini simulizi ya Kifaransa inayokiweka miezi michache baada ya mapinduzi inaingiana zaidi na hali ya kazi ilivyokuwa. Mnamo Novemba mwaka huo huo wa 1831, wafumaji wa hariri wa Lyon, jirani za ukoo wa Thimonnier, nao waliasi kwa ajili ya malipo ya kila kipande.

Kampuni ilivunjika. Thimonnier alirudi Amplepuis, akajaribu bahati Paris tena mwaka wa 1834, akashindwa. Mwaka wa 1836 alirejea nyumbani kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita, cherehani ikiwa mgongoni. Alipofika kijijini au sokoni aliitua, akawashonea watu kidogo kama mwanamazingaombwe aonyeshaye kiinimacho, nao wakamtupia sarafu za kununulia mkate.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1845 alipata hataza nyingine akishirikiana na Jean-Marie Magnin wa Villefranche. Mashine hii mpya ilishona mishono 200 kwa dakika, na baadaye ikaundwa kwa chuma badala ya mti. Kisha yakaja mapinduzi ya Februari 1848, na kwa mara ya pili biashara yake ikasambaratika pamoja na kiti cha mfalme. Alivuka hadi Uingereza na haki zake za huko zikauzwa kwa kampuni ya Manchester. Maonyesho makubwa ya London yalipofunguliwa mwaka wa 1851, mashine yake ilichelewa kufika, na waamuzi hawakuikagua.

Je, wengine walifanikiwaje?

Huko Marekani, Elias Howe alikuwa amepata hataza mwaka wa 1846 kwa mashine ya nyuzi mbili. Sindano yake ilikuwa na tundu karibu na ncha, na uzi wa pili ulipitishwa ndani ya kitanzi na chombo kidogo kilichokwenda na kurudi chini ya kitambaa. Nyuzi hizo zilifungana katikati ya nguo, hivyo mshono haukufumuka kwa kuvutwa. Kasoro ya Thimonnier ilikuwa imepata dawa.

Hata hivyo, Howe naye alikutana na hofu ile ile. Mwaka wa 1845 alishindana hadharani mjini Boston na washonaji watano wa mkono, akawashinda wote. Mafundi waliotazama walikiri kasi yake, lakini hawakununua hata moja. Bei yake ilikuwa karibu dola 300, na walihofia itawafukarisha vibarua wao.

Kilichoituliza hofu hiyo kwa kiasi fulani ni mkopo. Kuanzia mwaka wa 1856 kampuni ya Singer iliuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, ikawa fundi mmoja anaweza kuimiliki yake. Ndiyo sababu ilipofika Afrika Mashariki ilikaa barazani pa maduka ikiwa chombo cha fundi mmoja na mteja wake. Lakini waliohofu Paris hawakukosea kabisa. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani malipo ya kila nguo yalishuka, na wanawake waliokopa cherehani walishona usiku kucha ili kulipa deni la cherehani yenyewe.

Thimonnier hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki Amplepuis mwaka wa 1857 akiwa fukara, ilhali mwaka mmoja tu kabla ya hapo kampuni kubwa za Marekani zilikuwa zimekubaliana kugawana mapato ya hataza zao, Howe akilipwa kwa kila mashine iliyouzwa. Mjini Amplepuis baadaye yalifunguliwa makumbusho kwa jina lake, na humo cherehani zimepangwa safu kwa safu.