Sheikh Abdullah Saleh Farsy na Mizani ya Istilahi za Kiarabu

Sheikh Abdullah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka wa 1912. Alisomesha katika shule za serikali, akawa mkaguzi wa masomo ya dini, na mwaka wa 1960 akateuliwa kuwa Kadhi wa Zanzibar. Miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964 alihamia Kenya, ambako alitumikia akiwa Kadhi Mkuu tangu 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki Maskati, Oman, mwaka wa 1982. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, kazi yake kubwa ni Qurani Takatifu, tafsiri iliyochapishwa Nairobi mwaka wa 1969.

Hakuwa wa kwanza. Kasisi Godfrey Dale alikuwa ametoa tafsiri yake mwaka wa 1923, na Waahmadiya yao mwaka wa 1953. Farsy, aliyezipinga kazi hizo, alijua kwamba ugomvi mwingi wa tafsiri huanzia katika neno moja. Kila istilahi ya Kiarabu ilimtaka aamue: aiache, aitafsiri, au aiache na kuifafanua?

Katika sehemu nyingi uamuzi ulikuwa mwepesi. Herufi zinazofungua baadhi ya sura, kama alif, lam, mim, hazina tafsiri inayokubalika na wote, hivyo zilibaki herufi. Swala, zaka na talaka zilikwisha kuwa Kiswahili kwa karne nyingi. Kuzitafutia visawe vya Kibantu kungewapoteza wasomaji. Palipokuwa na usemi wa Kiswahili unaobeba maana nzima, aliutumia: muttaqin wakawa watu wamchao Mungu, na ghaibu ikawa mambo yasiyoonekana. Palipobaki pengo alitia maneno machache katika mabano, na mjadala mrefu akaupeleka katika maelezo ya chini.

Ugumu haumo katika neno geni. Neno geni humsimamisha msomaji, naye akauliza. Ugumu umo katika neno ambalo Kiswahili kimelikopa kisha kikalibadilisha maana, kwa kuwa msomaji hulipita akidhani ameelewa. Mfano bora ni fitina. Kwa Mswahili, fitina ni maneno ya kuchonganisha watu. Kwa Kiarabu, asili yake inahusishwa na kutia dhahabu motoni ili ijulikane safi na chafu. Kutokana na hapo likapata maana ya mtihani, na pia ya mateso yanayomtoa mtu katika dini yake.

Tulichukue neno hilo katika aya ya 191 ya sura ya pili, ambapo fitina inahukumiwa kuwa mbaya kuliko kuua. Likiachwa bila ufafanuzi, aya inaonekana kumweka msengenyaji chini ya muuaji, na wapo wanaoitumia hivyo katika ugomvi wa mtaani. Muktadha lakini ni wa vita, na wafasiri wengi wa zamani wanaeleza kuwa kinachokusudiwa ni ushirikina na kuwatesa waumini ili waiache imani. Sasa tulipeleke neno lilo hilo katika aya ya 15 ya sura ya 64, inayosema kuwa mali na watoto ni fitina. Hapa maana ya Kiswahili inavunjika kabisa: mtoto hawezi kuwa uchonganishi. Hicho ndicho kipimo. Neno lililokopwa lipitishwe katika aya zake zote. Likikwama hata katika moja, haliwezi kuachwa peke yake. Katika aya ya kwanza lahitaji mabano yanayotaja mateso ya kidini; katika ya pili ni afadhali kuandika mtihani moja kwa moja.

Tafsiri ilipotolewa Nairobi, tatizo lilipanuka. Maneno ambayo Unguja hayakuhitaji mabano, bara yaliyahitaji. Hapa Kileleshwa ninapoandikia, jirani yangu Mkristo akisikia sadaka hufikiria kikapu cha kanisani. Mwislamu hufikiria utoaji wa hiari. Aya ya 60 ya sura ya tisa inatumia neno hilo kwa wingi, nayo inawataja wanaostahiki zaka, ambayo ni faradhi. Bila neno moja la nyongeza, wote wawili watakosea, kila mmoja kwa njia yake.

Mabano nayo yana mpaka. Machoni yanaonekana, masikioni hayasikiki. Tafsiri isomwapo kwa sauti darasani, ufafanuzi wa mwanadamu huingia ndani ya aya na msikilizaji asijue. Farsy alichapisha matini ya Kiarabu pamoja na tafsiri, hivyo ajuaye Kiarabu aweza kuona kilichoongezwa. Asiyejua hutegemea msomaji atue kidogo kwenye mabano, na mfasiri aliyeyafanya mafupi.