Aliyelipa Angamizo Jina

Raphael Lemkin, Myahudi wa Polandi aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa angali kijana mahakama ya Berlin iliposikiliza, mwaka 1921, kesi ya Mwarmenia aliyemuua Talaat Pasha. Lilimkera jambo moja: muuaji wa mtu mmoja alikuwa kizimbani, ilhali hapakuwa na sheria ya mataifa ya kumshtaki Talaat kwa kuwaangamiza Waarmenia.

Wanazi waliwaua wazazi wake. Yeye, akiwa Marekani, aliunda mwaka 1944 neno la mauaji ya kimbari. Hukumu ya Nuremberg ya 1946 haikulitumia. Tena iliyafungamanisha makosa dhidi ya ubinadamu na vita, hata unyama wa kabla ya 1939 ukasalimika.

Mkataba alioupigania ulipitishwa Desemba 9, 1948. Ulitaka wenye hatia waadhibiwe, wawe watawala au raia wa kawaida, katika nchi ya tukio au katika mahakama ya kimataifa, ambayo, ajabu, haikuwapo!

Lemkin alifariki mwaka 1959, fukara. Mahakama ya Arusha, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 japo Rwanda ilipinga kwa kura, ilimtia hatiani meya Jean-Paul Akayesu Septemba 2, 1998. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imewahi kumhukumu mtu kwa kosa hilo.