Yahya bin Main, aliyeuandika uwongo ili aujue

Mwezi uliopita nilipanda Mau Narok, kule juu ya Njoro, kufuata viazi. Sisi watu wa pwani baridi ya kule hatuiwezi. Saa nne ya asubuhi ukungu bado umelala shambani na mtu anazungumza huku moshi unamtoka mdomoni. Nilikuwa na dalali mzee, mwenyeji wa pale, ambaye kila gunia alilotaka kununua aliliagiza limwagwe lote chini. Hakuangalia juu. Alijua kuwa viazi vikubwa hupangwa mdomoni mwa gunia na vile vidogo na vilivyooza huzikwa kitakoni.

Mchana niliingia duka la ndugu mmoja Muislamu kuomba mahali pa kuswali. Baada ya swala akanitolea karatasi iliyotolewa kopi hadi maandishi yamefifia, akaniuliza kama ni kweli. Nilipoiona tu niliijua. Ni ule wasia wa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) Madina, aliyeota ndoto akaambiwa kuwa umma umeharibika na Kiyama kimekaribia. Anayeunakili na kuusambaza atapata kheri, na anayeupuuza atapatwa na msiba.

Karatasi hiyo ni kongwe kuliko mimi na wewe, msomaji. Mwaka 1908 ilizagaa Lindi na miji mingine ya pwani ya Tanganyika, Wajerumani wakashtuka kwa sababu vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimezimwa, wakaanza kumsaka aliyeileta. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1880, mwanachuoni Mholanzi Snouck Hurgronje alikwisha kuiandikia makala, ilipokuwa ikizunguka visiwa vya Java na Sumatra. Sheikh Ahmad huyo, kama ni mtu mmoja, ameota ndoto ile ile zaidi ya miaka mia moja!

Nikamwambia yule ndugu nitamjibu kesho. Usiku ule, chini ya mablanketi matatu, mtu niliyekuwa nikimfikiria ni Imamu Yahya bin Main. Vijana wetu wa madrasa hulisikia jina lake likitajwa pamoja na la Imamu Ahmad bin Hanbal, kisha basi. Nami nataka leo nimueleze.

Alizaliwa mwaka 158 Hijria, yaani 775, karibu na Anbar katika nchi ya Iraq. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika kodi za mji wa Rayy, na alipokufa alimwachia mwanawe mali inayosemekana kupita dirhamu milioni moja. Yahya aliitumia yote katika safari za kutafuta hadithi, mpaka wapokezi wanasema hakubakiwa na hata viatu vya kuvaa.

Mwaka aliozaliwa ndio mwaka Khalifa al-Mahdi alioshika utawala wa Baghdad, na kisa kimoja cha zama za Mahdi kinaonyesha Yahya alikulia katika dunia ya namna gani. Khalifa huyo alipenda kuchezea njiwa. Akaingia kwake mtu aitwaye Ghiyath bin Ibrahim, akamkuta na njiwa wake. Ipo hadithi inayojulikana, ya kwamba zawadi ya mashindano haifai isipokuwa katika mishale, ngamia na farasi. Ghiyath akaisoma papo hapo na kuongeza neno moja tu mwishoni: au ndege. Mahdi akampa zawadi. Alipotoka, khalifa akasema kuwa kisogo kile ni kisogo cha mwongo, kisha akaamuru njiwa wachinjwe, kwa kuwa wao ndio waliosababisha Mtume kuzuliwa. Zawadi lakini, kwa niliyosoma mimi, hakuirudisha. Huyo Ghiyath baadaye Yahya alimtaja kwa jina kuwa ni mwongo.

Wa namna hiyo ni rahisi kumjua, maana njaa yake iko usoni. Mgumu alikuwa mzushi mcha Mungu. Nuh bin Abi Maryam alikuwa kadhi wa Marw, mtu wa elimu na heshima. Alisimulia hadithi za fadhila za Qurani sura baada ya sura, kila sura na thawabu zake. Alipoulizwa amezipata wapi, ilhali wanafunzi wengine wa mwalimu yule yule hawana kitu hicho, alikiri kuwa aliwaona watu wameiacha Qurani na kushughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na vita vilivyoandikwa na Ibn Is-haq, basi akazitunga ili awarudishe. Nia yake ilikuwa njema. Na kwa sababu ya wema wake watu walizipokea bila kuuliza. Angalia vizuri swali lililomkamata: hakuna aliyemuuliza kama anaswali usiku. Aliulizwa mbona wenzake hawana.

Swali hilo ndilo Yahya alilolifanya kazi ya maisha yake. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha vitabu vya Hammad bin Salama, mwanachuoni wa Basra. Yahya alimwendea Affan, mmoja wa wanafunzi wa Hammad, amsomee vitabu hivyo. Affan akauliza kama hajavisikia kwa mwingine. Yahya akajibu kuwa amevisikia kwa watu kumi na saba. Affan akaapa hatamsomea. Yahya akasema si neno, ni nauli ya dirhamu moja tu, akateremka Basra kwa Musa bin Ismail, naye akamuuliza vile vile, akashangaa kuambiwa yeye ni wa kumi na nane. Anavitakia nini?

Jibu lake, kwa maneno yangu mimi, ni hili. Hammad alikuwa akikosea. Wanafunzi wake nao walikuwa wakikosea, tena wakiongeza makosa yao juu ya yake. Ukiwa na nakala moja huwezi kujua kosa ni la nani. Ukiwa nazo kumi na nane, ukaona wote wamekubaliana juu ya neno linalokwenda kinyume na wapokezi wengine, kosa ni la Hammad mwenyewe. Ukaona kumi na saba wamesema hivi na mmoja peke yake amesema vile, kosa ni la yule mmoja. Ni lile gunia la Mau Narok: halimwagwi kwa kumchukia mkulima.

Safari nyingine alikuwa Sanaa, Yemen, pamoja na Imamu Ahmad. Ahmad akamkuta amejibanza pembeni akiandika, na kila mtu akipita anaificha karatasi. Ilikuwa ni hadithi za Maamar kutoka kwa Aban, kutoka kwa Anas. Aban huyu walikwisha kumkataa wote wawili. Ahmad akamlaumu: watu watasema unamtia Aban ila kisha unaandika hadithi zake. Yahya akaeleza kuwa anaziandika zote na kuzihifadhi huku anajua hazifai, ili siku akitokea mtu akaliondoa jina la Aban na kuweka mahali pake Thabit, ambaye ni mwaminifu na pia alipokea kwa Anas, awe na la kumwambia: hii ni ya Aban, si ya Thabit. Wengi wetu twadhani kuhifadhi ni kuhifadhi kilicho kizuri. Yeye aliuhifadhi na uwongo, kwa sura yake na anwani yake.

Na hata mwaminifu alimjaribu. Walipotoka Yemen wakapita Kufa, Yahya akataka kumpima Abu Nuaim. Ahmad akamkataza, mtu huyu ni thabiti. Yahya hakusikia. Akaandika hadithi thelathini za Abu Nuaim, na mwisho wa kila kumi akapachika moja isiyo yake. Wakabisha hodi, mzee akatoka, akakaa juu ya baraza la udongo, Ahmad kuliani na Yahya kushotoni. Zikasomwa kumi za mwanzo, mzee kimya. Ya kumi na moja akasema si yangu, ifute. Kundi la pili vile vile. La tatu uso ukambadilika. Akamshika Ahmad mkono, akasema huyu ni mcha Mungu mno kufanya haya; akamtazama mwanafunzi waliyekuja naye, huyu ni mdogo mno; hii ni kazi yako wewe! Akampiga Yahya teke, akaanguka chini ya baraza, mzee akaingia ndani. Ahmad akamkumbusha kuwa alimwonya. Yahya akasema teke lile ni bora kwake kuliko safari yake nzima.

Sitaki kumfanya malaika. Wakati wa mtihani wa Khalifa Maamun, mwaka 218 Hijria (833), alipoitwa kuhojiwa juu ya kuumbwa kwa Qurani, aliuogopa upanga akakubali alivyotakiwa, na Ahmad, aliyekataa, akawa baridi naye tangu hapo. Pia alimsema vibaya Imamu Shafii, na sisi watu wa pwani tulio Mashafii hilo latuchoma. Wanavyuoni waliokuja baadaye hawakulikubali neno lake hilo. Nao pia waliyamwaga magunia yake.

Tena kuna kisa maarufu kuhusu yeye, ambacho nimekisikia mimbarini si mara moja. Kwamba yeye na Ahmad waliswali msikiti wa Rusafa, Baghdad, akasimama msimulizi akitaja hadithi ndefu ya ajabu kuwa ameipata kwa Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main, kisha akakusanya sadaka. Yahya akamwita, akamwambia ni mimi na huyu hapa, na hatujawahi kuisimulia. Msimulizi akamcheka: kwani duniani hakuna Yahya bin Main wala Ahmad bin Hanbal ila nyinyi? Yeye amepokea kwa Ahmad bin Hanbal kumi na saba!

Kinachekesha, na mimi mwenyewe nimewahi kukisimulia. Lakini al-Dhahabi wa Damascus, aliyefariki mwaka 748 Hijria (1348), alikitazama kwa kanuni za Yahya mwenyewe. Kisa kizima kinamtegemea mpokezi mmoja ambaye al-Dhahabi hamjui, naye akasema anachelea kuwa mtu huyo ndiye aliyekitunga. Kisa kitamu cha kufichua uwongo, nacho huenda ni uwongo.

Yahya alifariki Madina mwaka 233 Hijria (848), akiwa njiani kuhiji, akazikwa Baqii, hatua chache kutoka msikiti ambao Sheikh Ahmad wa ile karatasi anadai kuulinda.

Asubuhi nilirudi dukani. Sikumpa yule ndugu hotuba, nilimuuliza tu kaipata kwa nani. Akasema kwa dereva wa lori la viazi. Dereva alikuwepo, anapakia. Akasema alipewa na utingo wa matatu pale steji ya Njoro. Tulipofika Njoro nikamtafuta utingo. Akasema aliikuta kwenye kiti.