Mary Leakey: Kutoka Kuchora Zana za Mawe hadi Fuvu la Oldupai na Nyayo za Laetoli

Mary Douglas Nicol, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa jina la Mary Leakey, alizaliwa jijini London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, aliyekuwa mchoraji, alifariki Mary akiwa na umri wa miaka 13. Binti huyo alifukuzwa shule na hakupata shahada yoyote kwa njia ya masomo. Kazi yake ya kwanza, kwa hiyo, haikutokana na cheti bali na mkono wake: kuanzia mwaka 1930 alichora zana za mawe zilizofukuliwa huko Hembury, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Michoro hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alimwomba achore zana za kitabu chake kuhusu Fayum, nchini Misri, kisha akamkutanisha na Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kenya, aliyehitaji mchoraji wa kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1935 Mary alifika kwa mara ya kwanza katika Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanganyika ya wakati huo, na mwaka uliofuata wawili hao wakafunga ndoa.

Miaka iliyofuata haikuwa na shangwe nyingi. Fedha zilikuwa haba na kazi ya Oldupai ilifanyika kwa vipindi vifupi. Mwaka 1948 Mary aligundua fuvu la Proconsul, nyani wa kale, katika kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Viktoria, na mwaka 1951 alitumia miezi kadhaa Kondoa akinakili michoro ya miambani. Oldupai ilikuwa imetoa zana za mawe kwa wingi, lakini aliyezitengeneza hakuonekana.

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini akiugua homa. Mary akaenda peke yake na mbwa wake hadi mahali panapoitwa FLK, yaani Korongo la Frida Leakey. Mvua na upepo vilikuwa vimekula udongo wa mteremko, na kipande cha mfupa kilikuwa kimejitokeza. Alipopangusa kidogo aliona meno mawili makubwa yakiwa bado katika taya. Fuvu lenyewe lilikuwa limevunjika vipande mamia, hivyo udongo uliozunguka ulichekechwa kwa uangalifu, na kuviunganisha vipande hivyo kukawa kazi yake kubwa. Louis, inasemekana, alivunjika moyo kidogo alipoyatazama meno, kwa kuwa hayakuwa ya jamii ya Homo aliyoitarajia.

Fuvu hilo liliitwa Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina la kale la Waarabu kwa Afrika Mashariki, na Boise ni jina la mfadhili. Hata hivyo thamani yake ilitokana zaidi na tabaka lililolihifadhi. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkano ya tabaka hilo kwa njia ya potasiamu na agoni, wakapata umri wa takriban miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya ule uliokuwa ukikisiwa. Zana za mahali hapo zilidhaniwa kuwa kazi ya Zinjanthropus, lakini mifupa ya Homo habilis iliyopatikana muda mfupi baadaye iliibua mshindani mwenye ubongo mkubwa zaidi. Jambo hilo halikumfanya Mary abadili mwenendo: aliendelea kupima na kuchora mahali pa kila jiwe na kila mfupa, na mwaka 1971 alichapisha juzuu nzima kuhusu matabaka ya chini ya Oldupai. Wakati huo ndiye aliyekuwa akiongoza utafiti bondeni, na Louis alifariki mwaka 1972.

Kilele cha pili kilifuata akiwa na umri unaopita miaka 60. Huko Laetoli, kusini mwa Oldupai, nyayo za wanyama zilionekana mwaka 1976 katika majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua kisha yakagandamana kama saruji. Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Msururu wake una urefu wa mita 27 hivi. Hapakuwa na zana yoyote ya mawe katika tabaka hilo, hivyo kutembea wima kulitangulia sana utengenezaji wa zana.

Mwaka 1983, akiwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto, Mary alistaafu kazi ya uwandani, akaihama kambi ya Oldupai na kuhamia Nairobi. Mwaka huohuo kilichapishwa kitabu cha michoro aliyoinakili Kondoa zaidi ya miaka 30 nyuma. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Fuvu la Zinjanthropus limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.